Sekunde arobaini na tano mbele ya kamera: kuandika maneno ya video ya kujitambulisha kwa mwajiri ukiwa ndiyo kwanza umehitimu

Kampuni kadhaa siku hizi huomba barua, wasifu na kitu cha tatu: video fupi ya kujitambulisha, isiyozidi sekunde 45. Mhitimu akiona sharti hilo huwaza shati, taa na simu ya kuazima. Mimi nimekaa upande wa kupokea video hizi, na baadaye nikakaa na vijana wanaoziandaa. Ninachoweza kusema ni kwamba zinazokwama nyingi zimekwama kabla simu haijawashwa, kwa sababu maneno hayakupimwa. Kijana anaandika ukurasa mzima, anausoma mbio mbio, na saa inamkata kabla hajafika kwenye kitu alichotaka kusema.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kalamu na saa. Kurekodi nitakupitisha haraka mwishoni. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: binti aliyehitimu ununuzi na ugavi, aliyekuwa anaomba nafasi ya mtunza stoo kwenye kampuni ya kusambaza dawa Dar es Salaam. Jina lake na la hospitali alikofanyia fildi nimeyaacha.

Hatua ya kwanza: jua sekunde 45 zinabeba maneno mangapi ya Kiswahili

Ukitafuta ushauri mtandaoni utaambiwa uandike maneno mia moja na kidogo. Hesabu hiyo imetoka kwenye Kiingereza, na kwetu haifai. Neno letu moja hubeba sentensi nzima: "nilizihesabu" ni neno moja, lakini mdomo unalipita kwa hatua sita. Watu wawili wanaweza kuandika maneno 80 kila mmoja, mmoja akamaliza kwa sekunde 40 na mwenzake akafika 55.

Kipimo kizuri cha Kiswahili ni silabi, na bahati yetu ni kwamba silabi zetu zinahesabika kwa macho. Hesabu irabu: kila a, e, i, o, u ni silabi moja. Ongeza moja kwa kila "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama kwenye "mtu" au "mlango", ambayo ni silabi mbili na tatu. "M" ya "mbele" au "mbao" usiihesabu, wala ya "mwaka". "Nne" ihesabu mbili.

Anayezungumza kwa utulivu, kama anayemweleza mtu mzima jambo, hutoa silabi tano hivi kwa sekunde. Sasa toa kwenye zile sekunde 45 moja ya mwanzo ya kutulia, moja ya mwisho kabla ya kuzima, na tatu za kuvuta pumzi kati ya sentensi. Zimebaki 40. Arobaini mara tano ni silabi 200, na hiyo ndiyo akiba yako yote. Kwa maneno inakuja kama 70 au 75.

Usiniamini mimi, jipime mwenyewe, maana Mtanga na Mnyamwezi hawana mwendo mmoja. Chukua aya yoyote, hesabu silabi 100, isome kwa sauti ukiwa umesimama, na utazame saa. Ukitumia sekunde 20, kipimo changu ni chako. Ukitumia 17, wewe ni mwepesi. Kabla ya kujiongezea maneno, jirekodi na usikilize kama miisho ya maneno inasikika. Wanaokwenda mbio humeza mwisho wa neno, na mara nyingi huko ndiko kwenye kitenzi chenyewe.

Hatua ya pili: hesabu utangulizi wako umekula nini

Binti wa mfano wetu alikuja na rasimu iliyoanza hivi:

"Habari za asubuhi. Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uhai na kuniwezesha kufika siku ya leo. Kwa majina naitwa …, ni kijana mwenye umri wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa mkoa wa Morogoro. Nimehitimu shahada ya kwanza ya ununuzi na ugavi mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na kufanya kazi kwa ushirikiano …"

Hakuna anayeweza kumlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa kusimama mbele za watu tangu shule ya msingi, na kwenye mahafali au kikao cha ukoo utangulizi huo una adabu yake. Lakini tuliuhesabu. Salamu na shukrani ni silabi 50, yaani sekunde kumi nzima kabla jina halijasikika. Jina, umri na mkoa ni 46. Shahada na mwaka wake ni 34. Sifa ni 31. Jumla 161. Kwenye akiba ya 200 zimebaki 39, sekunde nane za kueleza kazi anayoiweza, nafasi anayoitaka na kuaga.

Mwaka peke yake, "mwaka elfu mbili na ishirini na tano", ni silabi 14, karibu sekunde tatu. Tarakimu zetu ni ndefu zikitamkwa, na kwenye karatasi hazionekani hivyo kwa sababu umeandika 2025. Kila unapoandika rasimu ya kusemwa, andika namba kwa maneno ili uone gharama yake. Vivyo hivyo alama za jumla za chuo: "nne nukta mbili" haimwambii mtu wa stoo chochote ambacho cheti hakitamwambia.

Tulichofanya ni kupanga upya kwa swali moja: hiki tayari kipo kwenye wasifu? Umri, mkoa, mwaka na ngazi ya shahada vyote vimeandikwa kule, na anayetazama video ana wasifu mkononi au atauchukua akipenda alichokiona. Vikatoka. Shukrani kwa Mungu zikatoka pia, na hapo binti alisita kwa haki. Nilimwambia azitoe kwa moyo kabla ya kubonyeza kurekodi. Anayetazama hataona upungufu wa adabu kwa mtu aliyesema "Habari" akataja jina lake. "Habari za asubuhi" ikawa "Habari", kwa kuwa video huenda ikafunguliwa saa kumi na moja jioni.

Sifa, zile "mchapakazi, mwaminifu", zikatoka zote. Kila anayeomba kazi anazisema, kwa hiyo hazimtofautishi yeyote. Kama ni mwaminifu, hilo litaonekana kwenye alichofanya.

Hatua ya tatu: tafuta tendo moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Silabi 200, ukiondoa jina mwanzoni na ombi mwishoni, zinakuachia kama 140. Hizo zinatosha kueleza jambo moja kikamilifu, na matatu hazitoshi. Anayejaribu kutaja matatu hutaja vichwa tu: "nilishiriki kuhesabu mali, kuandaa ripoti na kuhudumia wateja". Anayetazama hawezi kuona picha yoyote hapo.

Tendo ninalolizungumzia ni kazi uliyoigusa kwa mkono, iliyokuwa na hali fulani kabla hujaigusa na hali nyingine ulipoiacha, na kuna mtu anayeweza kuithibitisha. Chukua daftari, rudi kwenye fildi yako (Kenya mnaita atachimenti) wiki kwa wiki, na uandike ulichoshika. Usiandike ulichojifunza. Andika ulichoshika: faili, leja, mizani, kompyuta ya mapokezi, chupa. Kisha mbele ya kila kitu jiulize: kulikuwa na tatizo gani hapo?

Binti alianza kwa kusema fildi yake haikuwa na lolote, alikuwa anapanga dawa tu. Nikamuuliza alipanga wapi. Stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Kwa nini apange, hazikuwa zimepangwa? Zilikuwa zimepangwa, ila kadi za stoo, zile zinazoandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, zilionyesha chupa nyingi kuliko zilizokuwepo rafuni. Basi akapewa rafu moja ya dawa za maji ahesabu upya. Akahesabu, na palepale akazisogeza zinazoisha muda mapema zikae mbele, kama alivyofundishwa. Baada ya wiki kadi na rafu zikatofautiana tena. Wakati huo ndipo alipofuatilia na kuona kwamba dawa zilizochukuliwa usiku kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa hazikuandikwa kwenye kadi, kwa sababu saa hizo mtunza kadi hayupo. Wakakubaliana na mfamasia kuweka daftari mlangoni kwa ajili ya zamu ya usiku. Hadi anaondoka, hesabu zililingana.

Huyo ndiye aliyesema fildi yake haikuwa na lolote. Kwa kampuni inayosambaza dawa, mtu aliyewahi kuona kwa macho yake jinsi kadi na rafu zinavyoachana, na akajua ni mlango gani zinapitia, hana haja ya kusema anajituma.

Kama fildi yako kweli ilikuwa ya kutoa fotokopi na kupeleka chai, usibuni. Tafuta kwingine: utafiti wako wa mwaka wa mwisho, duka la mama yako ulilokuwa unafunga hesabu jioni, mchango wa harusi ulioushika kama mweka hazina. Mwajiri wa uhasibu anaelewa vizuri sana kazi ya kukusanya michango ya watu themanini na kueleza kila shilingi ilikokwenda. Ukibuni utakamatwa kwa urahisi: namba ya msimamizi wako wa fildi ipo kwenye wasifu, na simu moja inatosha.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye tendo lako kabla ya kuliandika.

La kwanza ni nafsi. Wapi utasema "nili-" na wapi "tuli-"? Binti alihesabu peke yake, kwa hiyo "nilizihesabu". Daftari la usiku lilihitaji idhini ya mfamasia, kwa hiyo "tukaweka". Akisema "nikaweka" amejipa mamlaka ambayo mwanafunzi wa fildi hana, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hospitali atalijua hilo mara moja. Kosa la upande wa pili lipo pia: kusema "tuli-" mwanzo hadi mwisho kwa unyenyekevu, mpaka haijulikani wewe ulifanya nini.

La pili ni heshima ya ulikotoka. Video ni kitu kinachotumwa na kutumwa tena. Sema dawa "zinatoka usiku bila kuandikwa", kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Usiseme "zinapotea", neno ambalo masikioni mwa watu lina harufu ya wizi. Na usitaje jina la hospitali. Wasifu unalitaja, lakini huko halijakaa jirani na tatizo lake.

Hatua ya nne: andika kwa mdomo

Tukimaliza chuo tunaandika kama ripoti. Rasimu ya pili ya binti ilisema "nilifanikiwa kupata fursa ya kufanya mafunzo kwa vitendo". Silabi 22. Kwa rafiki yake angesema "fildi nilifanya", silabi sita. Tofauti ni sekunde tatu, na ya pili inasikika kama mtu.

Njia niliyoizoea ni hii: usiandike kwanza. Mweleze mtu tendo lako kwa mdomo, dada au mwenzako wa chumba, huku simu inarekodi sauti. Kisha sikiliza na uandike ulivyosema. Utaona vitenzi vimekuja vyenyewe kwa "-ka-", nikahesabu, nikagundua, tukaweka, kimoja kikivuta kingine. Kisimulizi hicho kinakuokolea maneno mengi ya kuunganisha: "baada ya hapo", "hatimaye", "katika kuhakikisha kwamba" vyote havihitajiki.

Kisha kata. Anza na vivumishi, halafu maelezo ya sababu ambayo msikilizaji wa fani hiyo anayajua. Binti alikuwa ameandika kwa nini dawa inayoisha muda mapema huwekwa mbele. Kwa kampuni ya dawa hakuna haja. Kwa mwajiri wa mbao ingehitajika, au bora zaidi ingetoka kabisa.

Haya ndiyo maneno tuliyofika nayo, na mbele ya kila kipande silabi zake:

Habari. Naitwa … …, nimehitimu ununuzi na ugavi. *(25, majina mawili nimeyahesabia silabi sita)*

Fildi nilifanya kwenye stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Kadi zilionyesha chupa nyingi kuliko zilizokuwepo rafuni. *(45)*

Nikapewa rafu ya dawa za maji. Nilizihesabu moja moja, zinazoisha muda mapema nikaziweka mbele. *(39)*

Wiki ya pili nikagundua dawa zinatoka usiku bila kuandikwa. Tukaweka daftari la usiku mlangoni. *(40)*

Hadi naondoka, kadi na rafu zinalingana. *(16)*

Natafuta nafasi ya mtunza stoo. Nipo Dar es Salaam, tayari kuanza wakati wowote. Asante. *(35)*

Jumla 200, maneno 73. Alipoyasema kwa saa alitumia sekunde 43, pamoja na kutulia mwanzoni na mwishoni.

Tazama mwisho wake. Sentensi mbili kabla ya "Asante" zinajibu maswali matatu ambayo mwajiri anayo kweli: unataka nini, uko wapi, unaweza kuanza lini. Wengi humaliza kwa "nitashukuru sana endapo ombi langu litapokelewa", ambayo ni nzuri kwenye barua. Taja nafasi kwa jina lililo kwenye tangazo. Tangazo likisema "karani wa ghala", nawe sema karani wa ghala, hata kama ni kazi ileile. "Nafasi yoyote itakayopatikana" usiiseme: msomaji wa maombi ana nafasi moja ya kujaza, na hajui akuweke wapi. Na kama upo Mbeya wakati kazi ipo Dar, sema "nipo tayari kuhamia Dar es Salaam", maana ukinyamaza utahukumiwa kwa anwani iliyo kwenye wasifu.

"Wiki ijayo naweza kuanza" iepuke. Video haina tarehe masikioni mwa mtu. Wiki ijayo yako inaweza kuwa wiki iliyopita yake.

Kuhusu lugha: fuata lugha ya tangazo. Matangazo mengi ya kampuni zetu huandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili kutwa. Likiwa hivyo, andika maneno ya Kiingereza upya kutoka kwenye tendo lilelile. Ukitafsiri haya sentensi kwa sentensi utapata kitu kigumu mdomoni, na ile hesabu ya irabu haifanyi kazi tena; kule pima kwa saa tu.

Hatua ya tano: jaribu kwa mtu asiyejua

Kabla ya kamera, mtafute mtu mmoja ambaye hajui fildi yako ilikuwaje. Msemee maneno yako mara moja, usirudie. Subiri dakika tano mkizungumza mengine. Kisha muulize: "Nilifanya nini kule?" Usimsaidie.

Binti alimjaribu mjomba wake, fundi magari. Mjomba akajibu: "Ulikuta vitabu haviendani na mali, ukagundua usiku watu wanachukua bila kuandika, mkaweka daftari." Hapo maneno yalikuwa yamefika. Kama angejibu "ulikuwa hospitali, unapenda kazi za stoo", tungerudi hatua ya nne, kwa kuwa mazingira yamesikika na tendo halikusikika. Na mtu akikumbuka jambo ambalo hukulikusudia, kwa mfano neno gumu au namba, basi hilo ndilo linalofunika mengine. Litoe.

Hatua ya sita: kurekodi, kwa ufupi

Usikariri kila neno. Anayekariri hutazama juu kutafuta neno linalofuata, na kamera huona. Kariri sentensi ya kwanza na sentensi tatu za mwisho neno kwa neno, kisha katikati shika vituo vinne tu: kadi, rafu, usiku, daftari. Ukivipita kwa mpangilio, maneno yatakuja karibu yaleyale. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya simu inaonekana machoni, kwa sababu mboni zinatembea kushoto kwenda kulia.

Simu iweke kwenye rundo la vitabu hadi kioo cha kamera kilingane na macho yako, umbali wa mkono mmoja na nusu hivi. Kifute kioo hicho kwa kitambaa laini; mafuta ya vidole hufanya picha ionekane kama ya ukungu, na wengi hudhani ni simu mbovu. Dirisha liwe mbele yako, mwanga ukupige usoni; likiwa nyuma utakuwa kivuli. Ukitumia kamera ya mbele, tazama kile kitundu cha kamera, usitazame sura yako kwenye kioo. Kibandike kipande cha karatasi chenye nukta pembeni yake kikukumbushe.

Sauti inaharibu video nyingi kuliko picha. Chumba kitupu cha sementi kinarudisha mwangwi. Chumba chenye kitanda, godoro na mapazia kinaumeza. Zima feni, na friji kama ipo karibu. Bodaboda na jogoo huwezi kuwazima, kwa hiyo chagua saa: kwenye mitaa mingi mara baada ya mchana, watoto wakiwa shule, kuna utulivu. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili mtu asikupigie kwenye sekunde ya thelathini. Spika za masikioni zenye waya, zile zilizokuja na simu, zina kinasa sauti kizuri kuliko cha simu iliyo mita moja kutoka kwako.

Simu isimame au ilale? Tangazo likisema, fuata. Lisiposema, nalaza simu kwa video inayokwenda kwa barua pepe, maana itafunguliwa kwenye kompyuta, na nasimamisha kwa ile ya WhatsApp.

Rekodi mara tano au sita, halafu pumzika. Baada ya hapo sauti inachoka na maneno yanaanza kusikika kama wimbo. Mara nyingi nzuri ni ya tatu. Kabla ya kuchagua, sikiliza kila moja mara moja ukiwa umefumba macho. Neno lisilosikika bila kutazama mdomo halikusikika. Kisha kata mwanzo na mwisho tu, zile sehemu unazonyoosha mkono kubonyeza. Usitie muziki.

Usionyeshe cheti wala kitambulisho cha taifa kwenye video, na usitaje namba zake. Wapo wanaojifanya waajiri ili wakusanye sura, sauti na namba za watu kwa pamoja. Anayekutaka usome namba ya kitambulisho mbele ya kamera kabla hata ya kukuita, achana naye.

Hatua ya saba: kutuma

Video ya sekunde 45 kwa ubora wa 1080p hutoka na uzito wa makumi ya megabaiti, wakati kikomo cha kiambatisho cha Gmail ni megabaiti 25. Kwa hiyo rekodi kwa 720p, inatosha kabisa kwa uso wa mtu mmoja, na kama bado ni nzito ipandishe Google Drive utume kiungo. Kwenye ruhusa chagua `Anyone with the link`, halafu kifungue kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine. Ukisahau, mwajiri ataona ukurasa unaomwambia aombe ruhusa, na mwenye maombi mengi mezani hataomba. Ukituma kwa WhatsApp, iambatishe kama faili la hati badala ya video ya kawaida, isije ikabanwa hadi uso ukawa vipande.

Jina la faili liwe lako na la nafasi:

```
JinaLako_JinaLaUkoo_MtunzaStoo.mp4
```

Faili linaloitwa `VID_20250914` likishushwa pamoja na mengine ishirini haliwezi kupatikana tena.

Baada ya kutuma, andaa majibu ya tendo lako, maana mahojiano yataanzia hapo. Binti alipigiwa simu, na swali la kwanza halikuwa la shahada. Mama mmoja wa stoo alimuuliza: "Mwanangu, hilo daftari la usiku, kalamu alikuwa anaiweka nani, na asubuhi nani anahamishia kwenye kadi?" Akajibu kwamba kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye kitasa, na aliyefungua stoo asubuhi ndiye aliyehamishia kabla hajatoa chupa ya kwanza.

"Na asiyeandika?"

"Wa kuulizwa alikuwa msimamizi wa zamu, mama. Tuliandika jina lake juu ya ukurasa."